Kabla ya Kulipia Tangazo la Kazi Mtandaoni: Maswali Manne kwa Mwajiri wa Rongo

Kila mwaka kabla ya muhula wa kwanza kuanza mwezi wa Januari, shule za binafsi hutafuta walimu na wafanyakazi wengine wa kujaza nafasi zilizo wazi. Zamani mwajiri wa Rongo angebandika karatasi kwenye mbao za matangazo, awaombe walimu wake waulizie, kisha angoje. Leo wengi huingia kwenye tovuti za ajira kama BrighterMonday, Fuzu na MyJobMag, ambako tangazo moja husomwa na watu wa kaunti zote 47.

Shida huanza kwenye ukurasa wa bei. Hapo mwajiri hukuta mipango mitatu au minne, kila mmoja ukiwa na idadi ya matangazo, idadi ya wasifukazi anazoweza kufungua, siku ambazo tangazo litakaa, na ahadi ya kuliweka tangazo juu ya mengine. Mwenye shule, zahanati au duka la vifaa vya ujenzi huchagua mpango wa katikati kwa kudhani hautamkosesha kitu. Mwezi ukiisha, amelipia vitu ambavyo hakuvitumia na bado nafasi moja haijapata mtu.

Makala haya yanaeleza vitu hivyo vinne kwa kufuata mfano mmoja. Chukulia shule ya binafsi iliyo viungani mwa mji wa Rongo, ambayo mwezi wa Novemba inatafuta watu watano: mwalimu mmoja wa Hisabati na Fizikia, walimu wawili wa Kiswahili, mhasibu mmoja na dereva mmoja wa basi. Shule hiyo ni ya mfano tu, na bei zitakazotumika ni za mfano pia, kwa sababu kila tovuti ina bei zake na hubadilika. Njia ya kupiga hesabu ndiyo muhimu.

Chukulia kwamba tovuti inauza tangazo moja la siku 30 kwa shilingi 3,500. Pia inauza mpango wa mwezi mmoja kwa shilingi 9,000, wenye matangazo 3 na ruhusa ya kufungua wasifukazi 20. Mpango wa miezi mitatu ni shilingi 24,000, nao una matangazo 5, wasifukazi 100 na matangazo 2 ya kupandishwa juu. Bei hizo hazijajumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Hilo ni jambo la kwanza la kuangalia, kwa maana bei inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi si ile itakayolipwa. Shilingi 9,000 zinakuwa 10,440, na shilingi 24,000 zinakuwa 27,840.

Matangazo matatu maana yake nini?

Mpango unaposema matangazo matatu, hausemi kwamba mwajiri atapata wafanyakazi watatu, wala kwamba ana ruhusa ya kuajiri watatu tu. Tangazo moja linaweza kubeba nafasi zaidi ya moja ikiwa kazi ni ile ile. Walimu wawili wa Kiswahili wanahitaji tangazo moja, na ndani yake huandikwa kwamba nafasi ni mbili. Kwa hiyo shule yenye mahitaji ya watu watano ina matangazo manne, si matano.

Swali gumu zaidi ni jinsi tovuti inavyohesabu matatu hayo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya vibanda. Mwajiri ana vibanda vitatu sokoni, na hakuna wakati ambapo anaweza kuwa na zaidi ya matangazo matatu yaliyo hewani. Akifunga moja, kibanda kinabaki wazi na anaweza kuweka jingine. Kwenye skrini mara nyingi huandikwa Active jobs, maana yake matangazo yaliyo hewani kwa sasa. Njia ya pili ni ya tiketi. Mwajiri amenunua tiketi tatu, na kila anapochapisha tangazo moja, tiketi moja imekwisha, hata akilifunga kesho yake.

Kwa shule ya mfano, tofauti hiyo ina uzito. Tovuti ikihesabu kwa vibanda, shule inaweza kuanza na matangazo ya walimu na mhasibu. Siku ya 14, nafasi ya mhasibu ikiwa imepata waombaji wa kutosha, tangazo lake linafungwa, na la dereva linawekwa kwa siku zilizobaki. Mpango wa shilingi 10,440 umetosha. Tovuti ikihesabu kwa tiketi, tangazo la dereva litalipiwa kando, shilingi 3,500 pamoja na kodi ya shilingi 560, na jumla itafika shilingi 14,500.

Mpango huu wa mwezi si nafuu kwa kila mtu. Matangazo matatu yakinunuliwa moja moja ni shilingi 10,500 kabla ya kodi, kwa hiyo mpango wa shilingi 9,000 unashinda. Lakini mwajiri mwenye matangazo mawili tu atalipa shilingi 7,000, na pamoja na kodi ni 8,120. Akichukua mpango wa mwezi ameongeza shilingi 2,320, na alichonunua kwa nyongeza hiyo ni zile wasifukazi 20 pamoja na tangazo la tatu asilolihitaji.

Kabla ya kulipa, ni vyema pia kujiuliza kama kila kazi inafaa kupelekwa mtandaoni. Dereva wa basi la shule anayezijua barabara za Rongo hupatikana kwa urahisi zaidi kupitia karatasi ya tangazo kwenye steji na kwa kuulizia wazazi. Shule ikiitoa kazi ya dereva kwenye orodha, matangazo yanabaki matatu na swali la vibanda au tiketi halimsumbui mtu tena.

Siku thelathini huanza na kuisha lini?

Kuna saa mbili zinazotembea kwa wakati mmoja, na waajiri wengi huiona moja tu. Saa ya kwanza ni ya tangazo lenyewe, ambalo hukaa hewani kwa siku kadhaa tangu siku lilipochapishwa. Saa ya pili ni ya mpango, ambao huanza kuhesabiwa siku ya malipo. Shule ikilipa tarehe 1 Novemba kisha ikachapisha tangazo la mhasibu tarehe 20, je, tangazo hilo litakaa siku 30, au litashuka pamoja na mpango tarehe 30? Zipo tovuti zinazoliacha limalize siku zake, na zipo zinazolishusha. Jibu huwa kwenye masharti, na lisipoonekana, mwajiri aombe jibu la maandishi kutoka kwa mhudumu wa tovuti.

Kwa sababu hiyo, mwajiri mwenye busara huandika matangazo yake yote kwanza, akayasahihisha, akakubaliana na wenzake kuhusu mshahara na sifa, ndipo akalipa. Mpango ukilipiwa wakati bodi ya shule bado inajadili mshahara wa mhasibu, siku zinapita bure.

Jambo la pili kuhusu siku ni kwamba kukaa hewani si sawa na kuonekana. Tovuti nyingi hupanga matangazo kwa tarehe, yale mapya yakiwa juu. Tangazo la siku ya kwanza huonekana na kila anayefungua ukurasa. Baada ya wiki moja limesukumwa chini na mengine, na anayetafuta kazi kwa simu mara nyingi hafiki huko. Ndiyo maana maombi mengi huja siku za mwanzo, kisha yanapungua. Siku 60 hazileti maombi mara mbili ya siku 30.

Basi tarehe ya mwisho ya kupokea maombi isiachwe hadi siku ya 30. Shule ya mfano ikiweka tarehe ya mwisho baada ya siku 14, itapata karibu wote ambao wangeomba, na itabaki na muda wa kuwahoji kabla ya Desemba. Nafasi ikishajazwa, tangazo lifungwe siku hiyo hiyo. Tangazo lililosahaulika huendelea kupokea maombi ya watu wanaotumia bando na matumaini yao kwa kazi ambayo haipo.

Mwajiri anayelipa kwa kadi ya benki aangalie jambo moja zaidi: kama mpango hujilipia wenyewe mwezi ukiisha. Shule inayoajiri mara moja kwa mwaka haina sababu ya kulipia Desemba, Januari na Februari. Kwa hoja hiyo hiyo, mpango wa miezi mitatu wa shilingi 27,840 ungeigharimu shule shilingi 17,400 zaidi ya ule wa mwezi mmoja, kwa miezi miwili ambayo haina cha kutangaza.

Hazina ya wasifukazi

Sehemu hii ya mpango inamruhusu mwajiri kuwatafuta watu yeye mwenyewe, badala ya kungoja waombe. Watafutaji kazi wameacha wasifukazi zao kwenye tovuti. Mwajiri anaandika anachotaka, anaona orodha ya watu, masomo yao na miaka yao ya kazi, lakini jina kamili na nambari ya simu vimefichwa. Akibonyeza ili kuvifungua, ruhusa moja inatumika. Kwa kawaida ruhusa ambazo hazikutumika hupotea mpango unapoisha.

Idadi kubwa ya ruhusa huvutia macho, lakini swali la kuuliza ni hili: ni watu wangapi ndani ya hazina hiyo wanaofaa na wako tayari kufanya kazi Rongo? Baadhi ya tovuti huruhusu kutafuta bila kulipa na kuona idadi ya majibu. Nyingine hutoa onyesho ukimwomba mhudumu wao. Mwajiri atumie nafasi hiyo kabla ya kutoa pesa. Atafute mwalimu wa Hisabati na Fizikia, kisha apunguze orodha kwa eneo na kwa tarehe ambayo mtu alifungua akaunti yake mara ya mwisho.

Hapa jiografia ya Rongo ina maana yake. Mji uko Kaunti ya Migori, lakini uko kwenye barabara kuu inayotoka Kisii kwenda Migori, na barabara ya Homa Bay huanzia hapo hapo. Mwalimu anayeishi upande wa Kisii au Homa Bay anaweza kuwa karibu na shule kuliko yule wa Isebania. Mwajiri akichagua Migori peke yake kwenye kichujio cha eneo, amewaacha nje majirani zake. Atafute kaunti zote tatu, moja baada ya nyingine. Vilevile, katika tangazo lenyewe aandike wazi kwamba Rongo iko kati ya Kisii na Migori, ili msomaji wa mbali ajue ni safari ya aina gani.

Tarehe ya mwisho ya kufungua akaunti ni muhimu kwa sababu wasifukazi huchakaa. Mtu aliyeiweka miaka mitatu iliyopita huenda ameajiriwa, amehama, au amebadilisha laini ya simu. Chukulia yule mwajiri wa matangazo mawili aliyeongeza shilingi 2,320. Kila mawasiliano kati ya 20 yamemgharimu shilingi 116. Lakini ikiwa ni watano tu waliopokea simu na kukubali kuja kuhojiwa, kila mmoja wao amegharimu shilingi 464. Hesabu hiyo ya pili ndiyo ya kweli.

Wasifukazi iliyo kwenye tovuti ni maelezo ya mwenyewe. Kulipia hakuifanyi kuwa imethibitishwa. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inataka kila mwalimu awe amesajiliwa na TSC, hata yule wa shule ya binafsi, kwa hiyo nambari ya usajili iulizwe na ihakikiwe mapema, kabla ya mahojiano.

Tena kuna wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mwenye taarifa. Mwalimu aliweka simu yake kwenye tovuti ili atafutwe kwa kazi, na hakuiweka ili apigiwe na wauzaji wa viwanja au karatasi yake isambazwe kwenye vikundi vya WhatsApp. Mwajiri aliyefungua wasifukazi 20 azitumie kwa kazi hiyo tu, azihifadhi mahali pasipoingiliwa, na azifute zile ambazo hazihitaji tena. Mtu akiuliza nambari yake imepatikana wapi, anastahili jibu la kweli.

Tangazo lililopandishwa juu

Kitu cha nne ni nafasi ya kulipia ya kuonekana. Tangazo hubaki juu ya orodha hata mengine mapya yanapokuja, na mara nyingi huwekwa alama kama Featured au Sponsored. Wakati mwingine tovuti pia hulituma kwa barua pepe kwa watafutaji kazi au kuliweka kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii.

Neno juu linahitaji kuulizwa maswali. Juu ya ukurasa wa mbele, juu ya kazi za ualimu, au juu ya kazi za Migori peke yake? Kwa siku ngapi? Huduma hii mara nyingi ni ya siku chache kuliko maisha ya tangazo. Na je, matangazo mangapi mengine yamelipia nafasi hiyo hiyo? Yakiwa 20, yatabadilishana, na tangazo la shule litakuwa juu kwa zamu.

Kulipandisha tangazo huongeza macho. Hakuongezi ubora wa waombaji. Tangazo la mlinzi au karani likipandishwa linaweza kuleta mamia ya maombi ambayo hakuna mtu shuleni mwenye muda wa kuyasoma. Kwa shule ya mfano, kama kuna tangazo moja la kupandishwa, ni lile la Hisabati na Fizikia, ambapo wanaofaa ni wachache na shule nyingi zinawatafuta kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mwajiri asilipie huduma hiyo siku ya kwanza. Siku hiyo tangazo tayari liko juu kwa kuwa ni jipya. Angoje siku tano hadi saba, kisha aangalie takwimu mbili kwenye akaunti yake: watu waliolifungua na watu walioomba. Chukulia kwamba watu 40 tu wamelifungua na 5 wameomba. Walioliona walilipenda, ila hawakuwa wengi. Hapo kulipandisha kuna maana. Sasa chukulia kwamba watu 900 wamelifungua na 6 tu wameomba. Tangazo limeonekana vya kutosha, lakini kuna kitu ndani yake kinachowafukuza wasomaji. Pengine mshahara haukutajwa, sifa zinazotakiwa ni nyingi kupita kiasi, au haijulikani kama kuna nyumba ya mwalimu. Kulipia ili waje 900 wengine ni kumwaga maji kwenye pakacha. Dawa ni kuliandika upya, na kabla ya kulihariri, kuuliza kama tovuti huhesabu tangazo lililohaririwa kama jipya.

Njia ambazo hazilipiwi

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, huwasajili watafutaji kazi na kupokea taarifa za nafasi kutoka kwa waajiri. Chuo Kikuu cha Rongo kiko mlangoni, na wahitimu wake wengi wanaujua mji tayari. Kwa kazi za serikali ya kaunti utaratibu ni tofauti: kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kutangaza nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa waliowahi kuachwa nyuma. Tangazo la mtandaoni pekee haliwezi kutimiza hilo mahali ambapo si kila mtu ana simu ya intaneti.

Kwa anayetafuta kazi, mambo haya yana funzo lake. Tangazo lililo juu kabisa limelipiwa liwe hapo, na halijathibitishwa kuwa bora au la kweli kuliko mengine. Tangazo la siku ya 28 huenda limeshapata mtu, kwa hiyo ni vyema kuomba mapema. Anayetaka kupatikana na waajiri wanaotafuta kwenye hazina afungue akaunti yake mara kwa mara, asahihishe nambari ya simu, na aandike eneo anakoweza kufanya kazi. Na katika mipango hii yote anayelipa ni mwajiri. Tangazo linalomtaka mwombaji atume pesa ya fomu, ya mahojiano au ya sare kwa M-Pesa ni la kuachwa na kuripotiwa kwa tovuti na kwa polisi.

Kwa shule ya mfano, hesabu inaishia hapa. Matangazo matatu yaandikwe kabla ya kulipa. Mpango wa mwezi mmoja ulipiwe kwa shilingi 10,440. Dereva atafutwe mjini kwa karatasi na kwa kuulizia. Ruhusa za wasifukazi zihifadhiwe kwa mwalimu wa Hisabati na Fizikia, na uamuzi wa kulipandisha tangazo lake ungoje takwimu za wiki ya kwanza. Kabla ya pesa kutoka, tovuti ijibu kwa maandishi maswali manne: tangazo likifungwa, nafasi yake inarudi? Mpango ukiisha, tangazo lililo hewani linashuka? Ruhusa zisizotumika zinaenda wapi? Na tangazo lililopandishwa linakaa juu ya orodha gani, kwa siku ngapi?